Kila usiku nashuka kisimani: ndoto ya giza na moyo ulioshuka

"Nina miaka 38, naishi Malaba upande wa Uganda. Nilikuwa nafanya kliaringi ya malori, kazi ikaisha mwaka jana. Sasa miezi mitatu naota niko ndani ya kisima kirefu kikavu, nashuka na kamba, kamba inaisha, nikiangalia juu mwanga umebaki kama sarafu, nataka kupiga kelele sauti haitoki. Naamka saa kumi usiku na silali tena. Mchana sina hamu ya kitu, hata watoto nawaona kama kero. Pasta anasema ni roho ya kaburi, shemeji anasema ukiota shimo mtu atakufa. Natumia waragi kidogo ndio nilale. Je, hii ndoto ndiyo inanivuta chini? Na nikiota nimetoka, nitakuwa nimepona?"

Ndugu yangu, nianze na hiyo ya kufa maana najua ndiyo inakukalia kifuani saa hizo za usiku. Kuota shimo hakuui mtu na hakutangazi msiba. Shemeji yako lakini hakuitoa hewani hiyo habari. Baganda wanasimulia kwamba Walumbe, yule aliyeleta kifo, kaka yake Nambi mke wa Kintu mtu wa kwanza, alipofukuzwa na ndugu yake Kayiikuuzi alikimbilia chini ya ardhi pale Ttanda, na mpaka leo watu wanaenda upande wa Mityana kuangalia yale mashimo. Sasa mtu aliyekua akisikia hadithi kama hizo, au aliyezika watu wake kwenye shimo kama sisi wote, kichwani kwake shimo na kifo vinakaa nyumba moja. Usiku ubongo ukitafuta picha ya kuvalisha huzuni, unachukua ile iliyo karibu. Picha imetoka huko, haijatoka kesho. Halafu kuna jambo la hesabu tu: wewe umeota kisima miezi mitatu, na kwa miezi mitatu kwenye ukoo mkubwa wa kwetu lazima kutakuwa na mazishi mahali fulani, basi mtu anaunganisha anasema "si niliwaambia".

Na pasta, mimi sina ugomvi naye, kama maombi yanakutuliza omba. Ninachokuomba ni usikubali mifungo ya siku nyingi wala mikesha ya kila wiki kwa sasa, maana wewe tatizo lako tayari ni usingizi uliokatika, ukiukata zaidi moyo utashuka zaidi, na hapo mtu ataona roho imekaza kumbe ni uchovu.

Sasa tuje kwa usingizi wenyewe. Usiku tunalala kwa mizunguko, kila mmoja kama dakika 90 hivi. Mwanzoni mwa usiku usingizi mzito ndio unatawala, ule wa kuzama kabisa. Kuelekea alfajiri unaingia zaidi ule usingizi wa ndoto, ambao macho yanachezacheza chini ya kope, na kipindi chake cha mwisho kinaweza kufika nusu saa au zaidi. Ndio maana ndoto ndefu zenye hadithi kamili mtu anaamka nazo saa kumi, saa kumi na moja, siyo saa nne ya usiku. Kwa mtu mwenye dipresheni mpangilio huu unayumba: usingizi mzito unapungua, usingizi wa ndoto unawahi kuingia na unakuwa na vurugu zaidi, na kuamka mapema bila kurudi kulala ni moja ya dalili zake za zamani kabisa. Kwa hiyo hiyo saa kumi yako ni habari muhimu kwangu kuliko kisima. Mtu akiniambia kisima tu sijui bado ana nini, lakini akiniambia naamka saa kumi kila siku na asubuhi ndiyo mbaya kuliko jioni, naanza kusogeza kiti.

Na ile ya sauti kutotoka, hiyo imetisha watu wengi bure. Katika usingizi wa ndoto ubongo unazima misuli ya mwili karibu yote, unaacha macho na ile ya kupumulia, ili usije ukakimbia kweli ukamwangukia mke wako. Unaamuru mguu panda, mguu haujibu, unaamuru koo piga kelele, koo kimya, na inaelekea ndoto inatafsiri hilo kwa lugha yake: kamba imeisha, ukuta hauna pa kukanyaga. Kila mtu akilala hali ni hiyo, mwenye furaha na mwenye huzuni. Tofauti ni kwamba mwenye furaha akishindwa kukimbia ndotoni anaamka anacheka, wewe unaamka ukiwa na ushahidi kwamba umekwama.

Waragi sasa. Hapa nitakuwa mkali kidogo, unisamehe. Waragi inakuzimisha haraka, hilo kweli, na masaa ya kwanza inabana usingizi wa ndoto. Lakini ini linaendelea na kazi yake, baada ya masaa manne au matano pombe imepungua sana kwenye damu, na ule usingizi wa ndoto uliobanwa unarudi kwa fujo, moyo unadunda, jasho, macho wazi. Hebu hesabu mwenyewe: ukinywa saa nne ukalala saa tano, pombe inakutoka saa ngapi? Sisemi waragi ndiyo imeleta kisima, nasema inakipa nguvu kwenye ile saa ambayo wewe tayari uko dhaifu. Ila neno "kidogo" nalijua, kila mtu anakunywa kidogo. Kama ni gilasi moja moja, punguza mpaka uache. Kama ni kila siku na asubuhi mikono inatetemeka mpaka upate nyingine, usiache ghafla peke yako nyumbani, maana unaweza kupata degedege, nenda hosipitali wakupunguzie chini ya uangalizi.

Umeuliza nani anamvuta nani. Kwa ulivyoeleza, moyo ulitangulia na ndoto ikafuata, kazi iliisha mwaka jana na kisima kimekuja miezi mitatu hii. Lakini baadaye vinasukumana: ndoto mbaya inakuachia asubuhi nzito, asubuhi nzito inakufanya ukwepe watu, jioni unaogopa kitanda unachelewa kulala au unakunywa, na usiku unakosa usingizi tena. Kwa hiyo tunaweza kukata mahali popote kwenye huo mduara, na mimi napenda kukata mahali pawili kwa pamoja, ndoto mchana na maisha yenyewe.

Kabla ya hapo lazima tujue kama ni dipresheni kweli, na kwa barua siwezi kukupa hilo jina. Kinachotazamwa ni hivi: kwa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, sehemu kubwa ya siku, una huzuni au umepoteza hamu, na pamoja na hilo kuna mambo mengine kama usingizi, chakula, nguvu, kujilaumu, kushindwa kutuliza akili, mwili kuwa mzito, mawazo ya kufa. Yakifika matano kwa jumla, na yanakuzuia kuishi, ndipo daktari anaandika dipresheni. Kwenye vituo vingi wanatumia fomu ya maswali tisa, kila swali linapewa alama 0 mpaka 3, ukifika 10 wanakuita mezani tuzungumze vizuri. Wanaume wetu mara nyingi hawalii, wanakuwa wakali kwa watoto, na hiyo umeitaja wewe mwenyewe.

Ndoto inayojirudia ina kazi yake tunayoifanya mchana, macho wazi. Wazo ni kwamba ndoto inayojirudia imekuwa tabia ya ubongo, na tabia inaweza kufundishwa upya ukiwa macho, kwa kuandika ndoto nyingine mahali pake na kuipitia kila siku. Daktari Barry Krakow wa Marekani ndiye aliyeitengeneza sana njia hii na kuipima kwa watu wenye jinamizi. Nitaifanya na kisima chako, uone.

Chukua daftari, mchana, siyo usiku kitandani. Andika ndoto yako mara moja tu, sentensi saba nane zinatosha: nashuka, kamba inaisha, mwanga mdogo, sauti haitoki. Usikae kuichambua, funga ukurasa. Halafu andika mpya, na hapa ndipo watu wanaharibu. Wengi wanaandika malaika anashuka anawanyakua mpaka juu, au mkono mkubwa unatokea, na wiki ikifika wanalalamika haifanyi kazi. Sikatai malaika, kanuni yenyewe inasema badilisha utakavyo, lakini nilichoona ni kwamba mabadiliko ambayo wewe ndiye unayafanya kwa mikono yako, na yanayoanza mapema kwenye ndoto, yanashika vizuri zaidi kuliko wokovu wa mwisho. Kwa hiyo tusisubiri kamba iishe. Unakumbuka wachimba visima wa kwetu wanavyoshuka? Wanachonga vishimo vya kukanyaga ukutani, kimoja kushoto kimoja kulia, mgongo wanauegemeza upande wa pili. Basi ndoto mpya: unashuka, mguu wako unagusa kishimo cha kwanza, udongo ni wa baridi kidogo na mkavu, unaingiza vidole, unatafuta cha pili kulia, kipo. Kamba unaiacha, huihitaji. Unafika chini unasimama, unasikia sauti ya mtu juu anaongea mambo ya kawaida, labda mke anamwita mtoto, halafu unaanza kupanda, kushoto, kulia, unapumzika katikati kama mtu yeyote anayepanda, unaendelea. Sio lazima ufike juu siku ya kwanza. Ukitaka iishie katikati ya ukuta ukiwa umepumzika, iache hivyo.

Ukishaandika, funga macho upitie hiyo mpya peke yake, dakika 10 mpaka 20, mara moja kwa siku, kwa kugusa na kusikia siyo kwa kusema maneno tu. Ile ya zamani usiirudie. Ikijichomeka katikati, fungua macho, angalia chumba, anza mpya tena. Siku za kwanza ndoto inaweza hata kukazana, hiyo usishtuke, lakini baada ya wiki mbili tatu watu wengi wanaona ama inakuja mara chache, ama inakuja imebadilika kitu kidogo, ukuta umekuwa na rangi, kisima kimekuwa kifupi. Isipobadilika hata kidogo kwa mwezi mzima, acha, tafuta mtu. Na ngoja, jambo moja zito: kama kisima sio picha tu, kama uliwahi kweli kuanguka shimoni, au kufukiwa kwenye machimbo ya dhahabu, au kushuhudia mtu akitolewa amekufa, usifanye peke yako. Hapo ni kumbukumbu ya tukio, na inahitaji mtu amekaa nawe chumbani.

Ukweli mwingine ni kwamba zoezi hili linapunguza jinamizi vizuri, lakini dipresheni yenyewe haliiondoi kwa nguvu hiyo. Ukiishia kwenye daftari tu, utakuwa mtu anayelala afadhali kidogo na mchana wake bado mtupu. Kwa hiyo tuje kwenye kazi.

Tangu forodha ya pamoja ya Afrika Mashariki ianze mwaka 2014 na mizigo ikaanza kukamilishiwa ushuru huko Mombasa kabla lori halijasogea, watu wengi wa mpakani walipoteza kazi kama yako. Nasema hivi kwa sababu nasikia kwenye maneno yako kama mtu aliyeshindwa yeye binafsi. Kazi ile haikuwa hela tu, ilikuwa simu kulia asubuhi, madereva wanakutafuta, chai na wenzako pale yadi, jina lako linajulikana. Vyote viliondoka siku moja na hakuna aliyekuja kukupa pole, maana mtu akifiwa tunakaa matanga, mtu akipoteza kazi tunamwambia tafuta ingine.

Kuna matibabu ya mazungumzo yanayofanya kazi hapohapo, yanashughulikia aina nne za mambo: kufiwa, ugomvi na watu wa karibu, mabadiliko makubwa ya maisha, na upweke. Hapa Uganda yalijaribiwa mwaka 2002 kwenye vijiji vya Masaka na Rakai, vikundi vya wanaume peke yao na wanawake peke yao, wiki 16, dakika 90 kila wiki, wakiongozwa na watu wa kawaida waliofundishwa wala sio madaktari. Waliokuwa kwenye vikundi walipona kwa wingi kuliko wale wa vijiji visivyopata, tofauti kubwa kabisa, na Shirika la Afya Duniani mwaka 2016 lilitoa mwongozo wa vikundi hivyo. Kwa mtu kama wewe kikundi kitakuuliza mambo ya wazi tu: ulipoteza nini hasa, nini cha zamani hukukipenda pia (watu wanasahau kwamba walikuwa wanalala kwenye yadi usiku), na kitu gani kipya kimoja unaweza kujaribu wiki hii, na mtu gani mmoja utamwambia ukweli. Uliza kwenye kituo cha afya kama kuna kikundi karibu. Hakuna? Anza na hilo la mwisho, mtu mmoja, na nakushauri awe mke wako.

Dawa nazo zipo, na hali ikiwa ya kati au kali zinasaidia. Zinazopatikana zaidi kwenye hosipitali za serikali ni fluoksetini na amitriptilini. Zote zinachukua wiki mbili mpaka nne kuanza kuinua moyo, wakati mwingine sita, kwa hiyo mtu anayemeza siku tano na kusema haifanyi kazi hajaijaribu bado. Fluoksetini inamezwa asubuhi, na mwanzoni inaweza kufanya ndoto ziwe wazi zaidi, nakwambia mapema usije ukaitupa. Amitriptilini inamezwa usiku na inaleta usingizi, ila ukiiacha ghafla ndoto zinarudi kwa kishindo, haichanganywi na waragi, na ikizidishwa ni hatari sana, mke ndiye aitunze. Waambie pia dawa nyingine zozote unazotumia, maana efavirenzi ambayo wengi walitumia kwa virusi vya ukimwi, na meflokwini ya malaria, zinajulikana kwa kuleta ndoto mbaya, na hapo dawa inabadilishwa bila kumsumbua mtu na habari za visima.

Sasa lile swali lako la kutoka. Mtafiti wa Chicago aitwaye Rosalind Cartwright alifuata watu waliokuwa kwenye talaka wakiwa na dipresheni, akawaamsha usiku wakiwa kwenye ndoto, na aliona kwamba wale ambao ndoto zao zilishughulika na lile jambo lenyewe, mwenzi wao akaingia kwenye ndoto, ndio walioelekea kupona zaidi mwaka uliofuata. Kwa hiyo ndoto nzito sio lazima iwe dalili mbaya, inaweza kuwa ubongo uko kazini. Lakini hiyo haimaanishi ukiota umetoka ni cheti. Nimeona watu wakiota wametoka pangoni kwenye jua zuri, wanaamka wamejaa furaha, kufika mchana wamerudi palepale na sasa wamevunjika mara mbili. Na nimeona waliopona kabisa, wanacheka, wamerudi kazini, bado mara mojamoja wanashuka shimoni usiku. Ndoto mara nyingi inachelewa nyuma ya mtu. Vinavyotangulia ni vitu vidogo vya mchana: saa kumi inakuwa kumi na moja na nusu, chakula kinapata ladha, unajikuta umemjibu mtoto bila kukaripia. Moyo wenyewe unakuja mwisho, na mara nyingi mke anauona umerudi kabla hujauona wewe. Hizo ndizo uandike kwenye daftari kila jioni, kisima kikae ukurasa wake.

Kuna mahali ambapo husubiri mwezi wala wiki. Ukianza kuona kule chini ni pazuri, kwamba afadhali kubaki, au mchana ukajikuta unawaza kufa, unapanga namna, unagawa vitu vyako, unaona watoto watakuwa afadhali bila wewe, nenda siku hiyohiyo na usiende peke yako. Jinamizi la mara kwa mara kwa mtu mwenye dipresheni linaongeza hatari hii, ndio maana sikufichi. Dawa ya kuulia wadudu wa shamba itoke nyumbani ikae kwa jirani. Kwa Malaba karibu ni hosipitali ya Tororo, wakitaka wakupeleke mbele kuna kitengo cha akili kwenye hosipitali ya rufaa ya Mbale, na Kampala kuna Butabika.

Na hata kama hakuna hayo, miezi mitatu inatosha, nenda wiki hii. Ukifika usianze na kisima. Ukianza na kisima, mhudumu mwenye foleni ndefu ataandika "ndoto mbaya" akupe vidonge vya usingizi kama diazepamu, na hivyo pamoja na waragi ni balaa. Anza hivi: naamka saa kumi miezi mitatu, sina hamu ya kitu, nimekuwa mkali kwa watoto, nakunywa kiasi hiki (sema kiasi cha kweli), na mawazo ya kufa ninayo au sina. Uombe ile fomu ya maswali tisa. Akishamaliza kuandika hayo ndipo umwambie na unachoota.